Dakika mbili za saluni

Leo mchana nilikuwa na kichwa cha mteja kitini, dawa ya kulainisha nimeshaipaka kisogoni na utosini, nimebakisha kingo za mbele. Hapo ndipo bibi jirani aliposimama mlangoni, simu mkono mmoja, kikaratasi mkono wa pili.

"Hodi mwanangu."

"Karibu bibi, shikamoo."

"Marahaba. Hamjambo?"

Zamani hapa ndipo nilipokuwa naharibu. Ningejibu, "Hatujambo, za nyumbani?" Na ukishauliza za nyumbani umefungua mlango: utaambiwa za mguu, za wajukuu, za maji kukatika, na huwezi kumkatisha mtu mzima habari uliyoiuliza mwenyewe. Au ningesema, "Nakuja sasa hivi, dakika mbili." Kwetu dakika mbili si muda, ni adabu tu. Anayeambiwa hivyo hajui aketi au aende zake. Mwaka juzi niliwahi kutoka nje kwa "dakika mbili" za namna hiyo, niliporudi mteja ameshaungua nyuma ya sikio. Dawa haijui salamu. Kwa nywele za kawaida, niitumiayo mimi inataka dakika kama 15, basi. Ikizidi inakula ngozi.

Kwa hiyo nilimgeukia bibi, nikainua mikono aone glavu zimejaa dawa, nikamwambia, "Hatujambo bibi. Kichwa hiki nakiosha saa 6:10, ile saa ya ukutani pale. Kabla ya hapo nina masikio na mdomo, mikono sina. Nikusaidie nini?"

Akacheka, akakaa kwenye benchi. Kumbe ni Luku. Amenunua umeme, mita inakataa namba, na amesharudia mpaka vidole vimechoka.

Kwenda kwake kubonyeza nisingeweza, ila kuhesabu niliweza. Namba za Luku ni 20. Nikamwomba asome alichonakili kwenye kikaratasi, nnenne, mimi napaka kingo huku nahesabu. Zikafika 19. Mteja wangu, kichwa cheupe kwa dawa, akaomba ile simu akasoma ujumbe wenyewe: katikati palikuwa na sifuri mbili zimefuatana, bibi aliandika moja.

"Macho haya!" akasema, akaiongeza kwa kalamu.

Nikamwambia akajaribu, na mita ikikataa tena arudi saa 6:30, nitakuwa nimeshaosha na shampuu ya kuondoa dawa, povu likitoka jeupe badala ya pinki mikono ni yangu, nitakwenda naye mpaka kwenye mita.

Hakurudi. Ila saa 7 alimtuma mjukuu na sahani ya maembe, na swali: za nyumbani hukuniuliza, kulikoni?

Jioni nikifunga nitapita nikamuulize, za mguu zikiwemo.