Desemba 23: siku ya kutuma salamu za wateja

Saa 1 asubuhi nafungua duka la pembejeo hapa Uyole. Mvua zimeshika, kwa hiyo hadi saa 5 ni mbolea ya kupandia na mbegu tu. Daftari dogo liko kaunta muda wote. Mteja akitaja jambo lake naliandika papo hapo: mtoto kaanza kidato cha tano, ng'ombe kazaa. Salamu zote za mwisho wa mwaka zinatoka humo.

Saa 6 duka linapoa, nafungua Excel. Wateja ni zaidi ya 300, kila mmoja na mstari wake: namba ya simu, salamu ya kuanzia, jina analoitwa, jambo lake, kisha heri. Fomula inaunganisha:

```
=B2&" "&C2&". "&D2&" "&E2
```

Kwa Mama Upendo inatoka: "Shikamoo Mama Upendo. Natumaini viazi vya Isyonje vimeota vizuri. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwako na nyumba yote." Hizo ni herufi 118, na SMS moja inabeba 160. Ukiongeza kikatuni kimoja tu cha uso unaocheka, kikomo kinashuka hadi 70, na ujumbe huohuo unalipiwa kama SMS mbili. Mimi sivitumii kabisa.

Saa 8 ndiyo kazi yenyewe: safu ya salamu ya kuanzia. Wazee nawaandikia shikamoo, rika langu "Habari za siku nyingi", na wa Tukuyu ninaowafahamu vizuri "Ugonile". Waislamu wanapata heri ya Mwaka Mpya pekee. Aliyefiwa mwaka huu namtoa kwenye orodha. Huyo napiga simu, maana pole haichanganywi na "sherehe njema".

Nisiyemjua jambo lake, naacha nafasi wazi. "Natumaini familia haijambo" kila mtu anaijua kuwa ni ya wote, afadhali salamu fupi yenye jina lake sahihi.

Saa 10 nakagua. Hatari kubwa ni kupanga majina kialfabeti ukiwa umechagua safu moja: majina yanahama, mambo yanabaki, na mtu anapongezwa kwa mtoto wa jirani. Utaijua haraka ukichukua mistari michache ya katikati na ya mwisho ukailinganisha na daftari. Ya juu pekee haitoshi, kwa kuwa huko majina yanaweza kuwa hayajasogea. Kisha natumia LEN kutafuta zilizopita 160, na najitumia ya kwanza kwenye simu yangu.

Saa 11 natuma kwa mafungu, wazee kwanza, wapate kusoma kabla hakujachwa. Saa 12 majibu yanaanza. Mama Upendo kajibu: "Marahaba mwanangu. Vimeota, ila baka jani limeanza. Una dawa gani?" Namwandikia aje kesho mapema na jani moja lenye madoa, tulione kabla sijamuuzia kitu.