Kumbukumbu ya mradi: kugeuza maandishi kuwa namba, hatimaye -9223372036854775808 imepita

Imepita! Kipande cha asembli cha x86-64 kinachosoma tarakimu na kurudisha namba kamili ya biti 64 sasa kinakubali namba ndogo kuliko zote, na bado kinaikataa iliyo chini yake kwa moja tu.

Ugumu wote ulikuwa hapo. Njia ya kawaida ni kukumbuka kama kuna alama ya kutoa, kujenga namba upande wa chanya, kisha kuigeuza kwa `neg` mwishoni. Lakini pande mbili za rejista hazilingani: chanya huishia 9223372036854775807, hasi hufika -9223372036854775808. Ukijenga upande wa chanya, namba hiyo ya mwisho ya hasi hufurika kabla hujafika kwenye `neg`, wakati yenyewe ni halali kabisa. Wengi huiwekea sharti lake la pekee. Mimi sikutaka sharti la pekee katikati ya kitanzi.

Dawa ni kujenga upande wa hasi tangu mwanzo, kwa kuwa ndio wenye nafasi zaidi. Badala ya kujumlisha tarakimu, unaitoa:

```
soma:
    movzx ecx, byte [rsi]
    sub   ecx, '0'
    cmp   ecx, 9
    ja    si_tarakimu
    imul  rax, rax, 10
    jo    imefurika
    sub   rax, rcx
    jo    imefurika
    inc   rsi
    jmp   soma
```

Ifuate kwa biti 8, ambako mipaka ni -128 na 127, uone inavyokwenda. Maandishi "-128" yanaanza na 0, yanakuwa -1, kisha -12. Mara kumi ni -120, toa 8, unapata -128, na bendera ya OF, ile inayoinuka hesabu ikifurika, haijainuka. Ikiwa ni "-129", ile `sub` ya mwisho inainua OF na tunatoka. Na "128" bila alama? Inafika -128 salama, halafu `neg` ya mwishoni ndiyo inayoinua OF, kwa sababu 128 haipo upande wa chanya. Kwa hiyo baada ya `neg` lazima pawe na `jo` nyingine. Ukiisahau, 9223372036854775808 itarudi ikiwa hasi bila kelele yoyote.

Kuna ushauri unaozunguka sana kwamba inatosha kuangalia kama namba imepungua baada ya kuzidisha. Hautoshi. Kwa biti 8 zilezile, 30 mara 10 ni 300, na kinachobaki kwenye rejista ni 44. Ni chanya, tena ni kubwa kuliko 30. Kipimo hicho kinaipitisha.

Ndiyo maana pia nimeikataa `lea` hapa. `lea rax, [rax+rax*4]` ni nzuri na nyepesi, kompaila zinaipenda, ila haigusi bendera hata moja, kwa hiyo kufurika kwake hakuonekani. `imul` inakuambia ukweli, na kwa kazi hii naiamini.

Herufi mbovu ziligharimu ulinganisho mmoja tu. Ukitoa '0', chochote kilicho chini yake kinakuwa namba kubwa mno kwa hesabu isiyo na alama, basi `ja` inanasa pande zote mbili. Penye `si_tarakimu` nauliza mambo mawili: je, baiti iliyotusimamisha ni sifuri ya mwisho wa maandishi? Je, `rsi` imesogea hata kidogo tangu alama ilipopita? Swali la pili ndilo linalokataa "-" peke yake na maandishi matupu. Kosa narudisha kwa bendera ya CF, maana kila thamani ya `rax` sasa ni jibu halali.

Kwa kufuatilia haya, gdb na `p $eflags` baada ya kila `stepi` vinanitosha. Unaiona OF ikitokea kwenye mstari uleule. Kuchapisha thamani kwenye skrini kunakuonyesha matokeo tu, na bendera zinakuwa zimeshafutwa.

Nilipanga kuendelea na heksadesimali, lakini naiweka kando. Tarakimu 18 za kwanza haziwezi kufurika kamwe katika biti 64, hata zote zikiwa 9. Basi kitanzi cha kwanza kinaweza kutumia `lea` bila `jo` yoyote, kisha `imul` ichukue kuanzia ya 19. Ili sifuri za mwanzo zisimalize hizo 18 bure, zirukwe kabla ya kuhesabu, lakini zihesabike kuwa tarakimu zilizosomwa, la sivyo "0" yenyewe itakataliwa kama maandishi matupu. Naanza na hilo la sifuri.