Akaunti yangu ilisema nina miaka 16, nikataka kurekebisha ikasema nina 9

Mimi ni mtu wa mwaka 1986, nina steshenari Chang'ombe hapa Dodoma na mbuzi kumi na kitu kule Hombolo. Mwaka huu 2025 nimekuwa mtoto mara mbili kwenye akaunti moja ya Google, na kwa ushauri niliopewa na watu ningeipoteza kabisa, barua pepe za wateja na picha za miaka mitatu zote zimo humo.

Ilianza na mbuzi. Kijana anayenichungia alinipigia usiku kwamba jike mmoja anahangaika kuzaa, mguu mmoja umetoka, kichwa hakionekani. Nikaingia YouTube kutafuta namna ya kumsaidia, nikapata video nzuri kabisa ya daktari wa mifugo, nikabonyeza, ikagoma, eti ni ya watu wazima tu. Nikaangalia nyingine, hivyo hivyo. Baadhi ya zile zenye damu wanaziwekea kikomo cha miaka 18, na umri wanaoangalia ni ule ulioandikwa kwenye akaunti, sura yako hawaioni. Mtoto wa mbuzi alikufa, mama akapona.

Asubuhi nikafungua myaccount.google.com, nikaenda `Personal info`, nikashuka mpaka `Birthday`. Nakuta 1 January 2009. Hiyo akaunti nilifunguliwa na fundi simu mwaka 2022 siku niliyonunua simu, hakuniuliza hata tarehe, akaweka yake ya kufikirika ili apite haraka. Kwa hesabu hiyo nilikuwa na miaka 13 siku ile na sasa nina 16. Hapo ndipo nikaelewa mambo mengi niliyodhani ni simu mbovu: video za YouTube zilikuwa hazijiendeshi moja baada ya nyingine, na ule uchujaji wa matokeo ya kutafuta, SafeSearch, ulikuwa umewashwa bila mimi kuuwasha. Mtu wa chini ya miaka 18 ndivyo anavyowekewa kila kitu tangu mwanzo.

Sasa kosa langu. Nilikuwa dukani, wateja wamesimama, na muda huo huo namjazia mama mmoja fomu ya cheti cha kuzaliwa cha mwanae wa 2016. Nikarudi kwenye simu, nikaweka siku yangu, nikaweka mwezi wangu, mwaka nikaandika 2016. Nikahifadhi. Kutoka miaka 16 nikashuka mpaka 9, na chini ya 13 sio suala la video tena, ni akaunti yenyewe. Hiyo 13 inatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya kulinda taarifa za watoto mtandaoni, na huku kwetu ndio umri huo huo unaotumika kumiliki akaunti yako mwenyewe. Ukaja ujumbe kwamba nina siku 14 za kurekebisha, zikipita akaunti inafungwa, na ikishafungwa siku 30 inafutwa na kila kilichomo. Nikajaribu kurudi kubadili mwaka kama mara ya kwanza, wapi, sasa wanataka uthibitisho.

Nikaenda kwa fundi yule yule. Akaniambia, "Bosi hiyo ndogo, tunafuta simu yote inaanza upya, elfu ishirini tu." Karibu nikubali. Nawaambia ndugu zangu, tarehe ya kuzaliwa haikai kwenye simu, inakaa kwenye akaunti huko kwenye seva. Ukifuta simu tarehe iko pale pale, halafu simu ikiwaka baada ya kufutwa inaweza kudai uingie na akaunti ile ile ya zamani kabla haijakufungulia, ni kinga ya wezi. Yaani ningebaki na akaunti inayokaribia kufungwa na simu inayoisubiri akaunti hiyo hiyo. Wala kubadili tarehe ya saa ya simu haisaidii, jirani alinishauri hilo nikalijaribu, hakuna kitu.

Shemeji yangu naye akaja na lake, "Bonyeza ile ya mzazi, mweke mama Neema awe mzazi wako, inafunguka fasta." Ni kweli chaguo hilo lipo pale kwenye ukurasa, na ni kweli inafunguka. Lakini inafunguka kama akaunti ya mtoto, chini ya usimamizi wa Family Link, mke wangu ndiye anaruhusu app gani niweke na video za mbuzi bado zimefungwa. Chaguo hilo ni la mtoto kweli. Kama wewe ni mtu mzima ulieandikiwa mwaka vibaya, usiliguse.

Kilichobaki ni kadi ya mkopo ya benki, ambayo sina, au picha ya kitambulisho cha serikali kinachoonyesha tarehe ya kuzaliwa. Ninacho cha NIDA. Nikakipiga picha hapo hapo kwenye kaunta, nikatuma, kesho yake majibu: hawasomi. Nikaikuza ile picha niione kama wao. Kumbe kadi nilishaizungushia plastiki kwa mashine yangu mwenyewe ili isichakae, na taa ya dukani imepiga mstari mweupe juu ya plastiki, umepita sawasawa kwenye tarehe, mwaka unaonekana 19 halafu weupe. Kona moja pia nimeikata.

Mara ya pili nikafanya kama kazi. Nikakata plastiki pembeni kwa mkasi taratibu nikaitoa kadi. Nikatandika kitambaa cheusi kwenye kigoda mlangoni, penye mwanga wa nje ila jua halifiki, flashi nimezima, simu nimeishika juu yake sawa bila kuinamisha, kona zote nne zinaonekana. Kabla ya kutuma nikakuza, nikasoma tarehe kwa sauti. Tena namba ya NIDA inakusaidia kujihakiki, zile tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako, yangu inaanza 1986. Zisipofanana na unachoandika, simama kwanza.

Nilituma saa nne asubuhi siku ya tano tangu onyo, kesho yake mchana nikapata barua kwamba imekubaliwa. Gharama ni bando tu, kama buku hivi. Nikarudi `Birthday` nikahakikisha ni 1986, kisha nikafungua ile video ya daktari, ikacheza mpaka mwisho. Kumbe mguu unasukumwa ndani kwanza, ndio unatafuta kichwa.

Jambo jingine, kama utaenda steshenari kupigiwa hiyo picha ya kitambulisho, usiondoke kabla haijafutwa kwenye kompyuta yao. Mimi mwenye duka nakwambia, kwenye folda ya `Downloads` ya mashine yangu nilikuta vitambulisho vya watu wa tangu mwaka juzi, nimevifuta vyote wiki hii, na `Recycle Bin` pia nimeisafisha.

Facebook bado inanisoma 1 January 2009, maana fundi alifungua zote siku moja, na kurekebisha Google hakuigusi, kila mtandao una tarehe yake. Hiyo nitaishughulikia Jumapili duka likiwa limefungwa, kadi ipo mkononi na hakuna mteja wa kuniharakisha.