Ninavyoitafuta pI ya histidini: kwanza kwa kalamu, kisha kwa bureti

Histidini ndiyo asidi amino ninayoitumia kila ninapotaka kujua kama mtu ameelewa pointi ya isoelektriki, yaani pI, ile pH ambapo chaji ya jumla ya molekuli ni sifuri kwa wastani, au amekariri tu kanuni. Ina makundi matatu yanayoweza kutoa protoni, na kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi pKa zake, yaani pH ambapo nusu ya kundi husika imekwisha kutoa protoni, ni hizi: kaboksili 1.82, imidazoli iliyo kwenye mnyororo wa pembeni 6.00, na amino 9.17. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la mtu kujumlisha zote tatu na kugawa kwa tatu, akapata 5.66. Jibu hilo si sahihi, na kuna njia rahisi ya kulikamata.

Kabla ya kugusa hesabu yoyote, naichora ngazi ya chaji. Naanzia kwenye asidi kali, mahali ambapo kila kundi bado limeshika protoni yake: kaboksili haina chaji, imidazoli ina +1, na amino ina +1. Jumla ni +2. Halafu napanda pH, na kila ninapovuka pKa moja naondoa protoni moja kutoka kwenye kundi linalohusika:

```
+2  --1.82-->  +1  --6.00-->  0  --9.17-->  -1
```

Kinachotafutwa ni umbo lenye chaji sifuri, na pI iko katikati ya pKa mbili zinazolipakana, moja kila upande: (6.00 + 9.17) / 2 = 7.585, yaani karibu 7.59. Ile 1.82 haiingii kabisa. Kufikia pH hiyo kaboksili imekwisha kupoteza protoni yake zamani, na kuisogeza pI haiwezi.

Sasa turudi kwenye 5.66 tuihoji. Sehemu ya imidazoli iliyobaki na protoni ni 1 / (1 + 10^(pH − pKa)). Ukiweka 5.66 na 6.00 unapata 0.69. Kaboksili imebeba −1 karibu kamili, amino +1 karibu kamili, hizo mbili zinafutana, na kinachobaki ni chaji ya +0.69 kwa wastani wa kila molekuli. Hapo si sifuri hata kidogo. Rudia hesabu kwa 7.585: imidazoli inachangia +0.025, amino imepungua hadi +0.975, kaboksili ni −1, na jumla inakuwa sifuri. Ukaguzi huu hauchukui dakika mbili, nami huufanya kwa kila asidi amino yenye mnyororo wa pembeni unaobeba chaji.

Ngazi ileile ndiyo inayojibu swali la umbo lipi linatawala. Chini ya pH 1.82 ni +2. Kati ya 1.82 na 6.00 ni +1. Kati ya 6.00 na 9.17 ni umbo la sifuri, na juu ya 9.17 ni −1. Kwenye pKa yenyewe maumbo mawili jirani yako nusu kwa nusu. Hapa lazima nisisitize jambo moja: umbo la sifuri si molekuli isiyo na chaji popote. Ni zwitaioni, yaani COO⁻ na NH3⁺ kwenye molekuli moja, pamoja na imidazoli isiyo na chaji. Anayechora COOH na NH2 pamoja kwenye pH 7 amechora kitu ambacho kwenye maji hakionekani ila kwa kiasi kidogo mno.

Tena, kutawala si kuwa peke yake. Kwenye pH 7.4, uwiano wa sifuri kwa +1 ni 10^1.40, kama 25 kwa 1, na uwiano wa sifuri kwa −1 ni 10^1.77, kama 59 kwa 1. Ukivigeuza kuwa asilimia unapata takriban 94.6 za sifuri, 3.8 za +1 na 1.6 za −1. Hata kwenye pI yenyewe zwitaioni ni asilimia 95 tu. Zinazobaki zimegawanyika sawasawa kati ya +1 na −1, na usawa huo ndio unaofanya chaji ya jumla kuwa sifuri.

Kwa bureti ninaanza na histidini monohidrokloraidi monohaidreti, ambayo uzito wake wa moli ni 209.63. Napima gramu 0.419, yaani milimoli 2, naiyeyusha kwenye mililita 20 za maji yaliyochemshwa na kupozwa ili kaboni dioksaidi itoke, kisha natitreti kwa haidroksaidi ya sodiamu ya 0.5 M. Elektrodi ya pH naisahihisha kwa bafa za 4, 7 na 10, kwa sababu mkunjo wote ninaouhitaji umelala humo.

Kabla ya tone la kwanza pH inasoma karibu 3.9. Wengi hushangaa kwamba haianzii chini zaidi, lakini chumvi hii ni umbo la +1, nalo liko katikati ya 1.82 na 6.00. Ikianzia karibu na 7.6, chupa uliyochukua ni ya histidini huru, si ya hidrokloraidi. Kwenye mililita 2 nategemea 6.0, kwenye mililita 4 nategemea 7.6, na kwenye mililita 6 nategemea 9.2 hivi. Kati ya mililita 3.5 na 4.5 naongeza mililita 0.1 kwa 0.1, maana mruko wa hapo ni mpole: kutoka mililita 3.8 hadi 4.2 pH inapanda toka 7.2 hadi karibu 8.0 tu. Ukimwaga nusu mililita kwa mara moja, utaupita bila kuuona.

Kinachoharibu kazi zaidi ni haidroksaidi ya zamani iliyokwisha kunyonya kaboni dioksaidi. Kabonati iliyomo hunywa protoni katika eneo lilelile la pH na kuuvuta mkunjo. Ninaigundua kwa kupima ujazo uliotumika kutoka pH 6.00 hadi 9.17. Unapaswa kuwa mililita 4, sawa na protoni moja kwa kila molekuli. Ukizidi kwa wazi ingawa uzito ulipimwa vizuri, natengeneza haidroksaidi mpya.

Kosa la uzito lina sura nyingine. Ukitumia 191.6, uzito wa chumvi isiyo na maji, utapima gramu 0.383, na katikati ya mruko itakuja kwenye mililita 3.66 badala ya 4. Lakini pH ya mahali hapo itabaki 7.6, kwa kuwa pI haitegemei kiasi cha asidi amino ulichoweka.

Kwa pKa ya kaboksili nachukua sampuli mpya na kuongeza asidi ya hidrokloriki ya 0.5 M. Upande huu mkunjo mbichi haufai kusomwa moja kwa moja, kwa sababu karibu na pH 2 sehemu kubwa ya asidi inabaki huru majini bila kushikwa na kaboksili. Natitreti maji matupu ya ujazo uleule, kisha kwa kila pH natoa ujazo wa asidi uliokwenda kwenye maji. Bila kutoa huko, mkunjo hautaonyesha mahali kaboksili inapojaa, na 1.82 haitapatikana.