Takwimu hizi ni za mpaka saa ngapi? Jinsi tulivyoweka malengo ya umri wa data na kuyapima jedwali kwa jedwali

Nilipokabidhiwa usawazishaji wa majedwali kutoka hifadhidata ya mauzo kwenda hifadhidata ya ripoti, nilikuta ukurasa wa kijani unaoonyesha kwamba kazi zote zimefaulu. Ukurasa huo haukujibu swali ambalo watumiaji wa ripoti walikuwa wakiuliza kila siku: takwimu hizi ni za mpaka saa ngapi? Kazi inaweza kufaulu kila robo saa huku ikileta data ya jana, kwa mfano inaposoma kutoka kwenye nakala ya seva ambayo yenyewe imebaki nyuma. Nikaamua kuanza upya kwa kuzungumza na watu wenye ripoti kabla ya kugusa mitambo.

Ukimuuliza mtu anataka data ya umri gani, atakujibu "ya sasa hivi", na hana kosa, maana swali lenyewe halimpi kitu cha kushika. Kwa hiyo sikuuliza hivyo. Nilimwendea msimamizi wa stoo nikamwomba anionyeshe ni uamuzi gani anaoufanya akiwa mbele ya ripoti yake.

"Bidhaa ikibaki kidogo, nasimamisha kupokea oda zake," alisema.

"Takwimu ikiwa ya nusu saa iliyopita, utaharibikiwa?"

"Asubuhi, ndiyo. Oda zinamiminika, nusu saa inatosha kuuza nisichokuwa nacho. Jioni hata saa nzima sijali."

Hapo nilipata lengo halisi: kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, umri wa data usizidi dakika 15.

Mhasibu alinishangaza zaidi. Yeye hakutaka dakika kabisa. Alitaka ikifika saa 1 asubuhi ankara zote za jana ziwe zimeingia, kisha takwimu zitulie. Alieleza kwamba akiwa katikati ya kulinganisha hesabu, jumla inayobadilika mbele ya macho yake inamrudisha mwanzo. Kwake data mpya kupita kiasi ni usumbufu. Tukamtengenezea ripoti inayokata usiku wa manane, na lengo lake likawa ukamilifu wa siku iliyopita kwa saa maalumu. Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika lengo lolote huuliza pia kama kuna saa ambazo data haifai kubadilika.

Kisha ikaja asilimia. Msimamizi wa stoo alitaka lengo litimie daima. Sikubishana naye kwa maneno, nilimpigia hesabu. Saa 10 za kazi ni dakika 600. Asilimia 99 inaturuhusu kukosea dakika 6 kwa siku, na kuwasha seva upya mara moja kunaweza kuzimaliza zote. Asilimia 98 ni dakika 12. Kwa mwezi wa siku 22 za kazi, hiyo asilimia 98 inaacha dakika 264. Alipoiona hiyo ya mwisho akashtuka, na alikuwa sahihi kushtuka, kwa sababu dakika 264 zikitokea zote asubuhi moja ni zaidi ya saa nne za kufanya kazi gizani, na bado tungedai tumetimiza lengo. Tukaandika mipaka miwili: asilimia 98 ya dakika za mwezi ziwe chini ya dakika 15, na umri usivuke dakika 60 hata mara moja bila yeye kupigiwa simu. Ukiweka asilimia peke yake, unaacha mlango wazi kwa tukio moja refu.

Mtumiaji huona ripoti, haoni jedwali. Ripoti ya stoo ilitegemea majedwali matatu: `oda`, `oda_bidhaa` na `akiba`. Umri wa ripoti ni umri wa jedwali lililochelewa zaidi kati ya hayo, kwa hiyo lengo tulilishusha kutoka kwenye ripoti hadi kwa kila jedwali linaloilisha. Jedwali linalotumiwa na ripoti kadhaa lilirithi lengo kali kuliko yote. Yale yasiyolisha ripoti yoyote tuliyaondoa kwenye ratiba, na seva ikapata nafuu.

Kupima ndiko kulikohitaji uangalifu mkubwa. Njia ambayo wengi huikimbilia ni kuchukua `max(updated_at)` kwenye jedwali la upande wa ripoti na kuitoa kwenye saa ya sasa. Kwa jedwali la oda njia hiyo huonekana nzuri. Kwa jedwali la bei, ambalo linaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa, itasema data ina umri wa wiki wakati kila mstari ni sahihi kabisa. Kipimo hicho hakiwezi kutofautisha jedwali lililotulia na usawazishaji uliokufa, na hizo ndizo hali mbili unazotaka kuzitenganisha.

Tulichofanya ni kuandika, kwa kila jedwali, mpaka saa ngapi tuna hakika kwamba kila badiliko limeshafika. Kabla ya kusoma mistari, kazi inaiuliza seva ya chanzo kikomo cha wakati. Inasoma mabadiliko yote hadi kikomo hicho, na ikimaliza kuyaandika upande wa pili inahifadhi kikomo kwenye safu ya `data_hadi`. Kama hakuna mstari hata mmoja uliobadilika, `data_hadi` inasogea mbele vilevile, kwa kuwa tumetazama na kuthibitisha. Umri ni saa ya sasa ukitoa `data_hadi`.

Kikomo chenyewe kina mtego, na mtego huu ndio unaopoteza data kimyakimya. Katika PostgreSQL, `now()`, ambayo ndiyo inayojaza `updated_at`, hurudisha wakati muamala ulipoanza, si wakati ulipokamilika. Tuseme uingizaji wa oda nyingi kwa mkupuo unaanza saa 4:00 asubuhi na kukamilika saa 4:12. Mistari yake yote itabeba `updated_at` ya saa 4:00. Usawazishaji wa saa 4:05 hauioni, kwa sababu muamala bado uko wazi, lakini unaandika kwamba umesoma hadi saa 4:05. Unaofuata unaanzia hapo. Mistari ile ya saa 4:00 haitasomwa kamwe, na kipimo chako cha umri kitaendelea kuonyesha kijani. Dalili yake huonekana ukihesabu mistari kwa kila saa upande wa chanzo na upande wa ripoti: saa moja inapungukiwa, zile za jirani zinalingana.

Kwa hiyo kikomo hakiwezi kuwa saa ya sasa tu. Kinapaswa kuwa mwanzo wa muamala mkongwe kuliko yote iliyo wazi:

```sql
SELECT least(now(), min(xact_start))
       - interval '1 minute' AS kikomo
FROM pg_stat_activity
WHERE datname = current_database()
  AND backend_type = 'client backend';
```

Dakika moja tunayoipunguza ni ya tahadhari. Hoja hii iendeshwe kwenye seva kuu, kwa sababu nakala haionyeshi miamala iliyo wazi kwenye seva kuu. Mtumiaji anayeiendesha apewe wajibu wa `pg_read_all_stats`, la sivyo hataona miamala ya wenzake na kikomo kitakuwa cha uongo. Kisha mistari isomwe baada ya kikomo kupatikana, kamwe isiwe kabla, na kwa kauli nyingine inayopiga picha mpya ya data.

Tukirudi kwenye mfano: usawazishaji wa saa 4:05 sasa unapata kikomo cha saa 3:59, na wa saa 4:10 unapata hicho hicho. Wa saa 4:15 unaruka hadi saa 4:14 na kuikusanya mistari yote. Wakati huo umri unapanda mbele ya macho ya kila mtu, na kati ya saa 4:14 na saa 4:18 lengo la dakika 15 linavunjika. Napenda kipimo kinachovunjika namna hiyo, kwa sababu kilisema ukweli na kikatuonyesha kwamba chanzo ni muamala mrefu upande wa mauzo. Wenzetu wa mauzo wakaugawa uingizaji ule katika mafungu ya mistari 500, kila fungu likikamilishwa peke yake.

Hesabu nyingine iliyobadilisha ratiba yetu ni hii. Umri wa juu kabisa katika hali ya kawaida ni muda kati ya usawazishaji mmoja na mwingine, kuongeza muda unaochukua kumaliza. Zamani kazi ilianza kila dakika 15 na kuchukua dakika 4, maana yake kabla tu ya kazi inayofuata kumaliza data ilikuwa na umri wa dakika 19. Lengo la dakika 15 lisingetimia hata kama hakuna kilichoharibika. Majedwali ya stoo tukayahamishia kila dakika 5. Yanachukua dakika 2, na ujenzi wa ripoti unachukua dakika 1. Ujenzi tuliufunga uanze usawazishaji unapoisha, badala ya kuupa ratiba yake yenyewe. Ukijumlisha na ile dakika ya tahadhari unapata dakika 9, na zinazobaki hadi 15 zinatosha kuvumilia mzunguko mmoja ulioshindwa.

Sampuli ya umri huchukuliwa kila dakika kwa kila jedwali. Dakika isiyo na sampuli inahesabiwa kuwa imekosa lengo, hata kama huenda data ilikuwa nzuri. Bila kanuni hiyo, kipimaji kikizimika pamoja na seva, saa mbaya kuliko zote hutoweka kwenye takwimu za mwezi. Juu ya kila ripoti tumeandika `data_hadi` ya jedwali lililochelewa zaidi wakati ripoti ilipojengwa, na simu za kuuliza zimepungua sana.

Kuna jambo ambalo kipimo hiki hakiligusi: mistari inayofutwa kwenye chanzo haiachi `updated_at` yoyote. Jedwali linaweza kuwa na umri wa dakika 3 na bado likabeba oda zilizokwisha kufutwa. Tuliwaomba wenye mfumo wa mauzo watie alama ya kufutwa badala ya kuondoa mstari. Kwa majedwali ambayo hilo halikuwezekana, tunalinganisha funguo zote kila usiku, na mtumiaji ameelezwa kwa maandishi kwamba ufutaji unaonekana kesho yake.

Kila mwisho wa mwezi nakaa na mwenye ripoti tukiwa na karatasi moja: lengo, asilimia iliyofikiwa, na vipindi vilivyovuka. Katika kikao kimojawapo msimamizi wa stoo aliomba lengo la kuanzia saa 9 alasiri lilegezwe hadi dakika 45, kwa kuwa oda za baada ya hapo hupakiwa kesho yake. Tuliongeza mstari mpya wenye tarehe yake ya kuanza kwenye jedwali la malengo, tukaacha mstari wa zamani ili miezi iliyopita iendelee kupimwa kwa lengo lake la wakati ule, na usawazishaji wa alasiri ukashushwa hadi kila nusu saa.