Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya kulipa wauzaji

Mimi ni mhasibu wa upande wa kulipa katika kiwanda kimoja cha chakula, Industrial Area hapa Nairobi. Kila Alhamisi huwa tunalipa wauzaji wetu kwa mkupuo mmoja kupitia SAP, mfumo wa kompyuta tunaotunzia vitabu. Siku ninayoisimulia ni Alhamisi ya tarehe 5 Disemba 2024. Nimeichagua kwa sababu Alhamisi iliyofuata ilikuwa Jamhuri Dei.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi

Matatu ya kutoka Donholm imejaa na Jogoo Road haisongi. Kwenye simu nina picha ya kalenda, na tarehe 12 nimeizungushia duara jekundu. Mwezi wa Oktoba nilijifunza kwa uchungu. Tarehe 3 nilifanya malipo kama kawaida, nikaandika kwamba malipo yanayofuata ni tarehe 10, siku saba mbele, kwa mazoea tu. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Mazingira na benki zilifungwa. Tulipolipa Ijumaa, ankara moja iliyokuwa na punguzo la shilingi 29,000 hadi tarehe 10 ililipwa nzima. Niligundua kwenye orodha ya malipo, pale kwenye safu ya punguzo palipokuwa na sifuri. Nilimpigia muuzaji nikamwomba. Alikataa kwa upole, na haki ilikuwa yake.

Saa mbili asubuhi

Jambo la kwanza ni fedha, kabla hata sijafungua SAP. Benki tuna shilingi 11,800,000, na ovadrafti tuliyopewa mwisho wake ni milioni 5 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Jumamosi kuna mishahara ya vibarua, 700,000. Jumatatu tarehe 9 ni siku ya mwisho ya PAYE, NSSF na SHIF za Novemba, yaani kodi na michango ya wafanyakazi, jumla 3,100,000, na hizo hazina mjadala. Duka moja kubwa limeahidi kutulipa 4,500,000 Jumatano tarehe 11. Hiyo naiandika kwa penseli.

Naanza na karatasi kwa sababu SAP haijui kilichomo benki. Watu wengi wanadhani programu ya malipo huangalia salio. Haiangalii. Inachosoma ni kiasi ambacho mtu amekiandika kwa mkono kwenye `FBZP`, ukurasa wa mipangilio ya malipo, sehemu ya `Available Amounts`, na kwetu, kama ilivyo kwa wengi, pameandikwa tarakimu za tisa mfululizo ili pasizuie chochote. Kwa hiyo kizuizi pekee ni mimi na karatasi yangu.

Saa tatu kasoro

Nafungua `F110`, ndiyo programu ya malipo yenyewe. Kuna tarehe ya kuingiza malipo vitabuni, leo tarehe 5. Kuna namba ya kampuni, kuna njia za malipo, na kuna kisanduku kidogo kinachoitwa `Next p/date`, tarehe ya malipo yatakayofuata. Kijana aliyejiunga nasi Novemba amekaa kando yangu na ananiuliza hicho ni cha nini, maana kwake malipo ni leo.

Namwambia hicho ndicho kinachochagua. Programu haiulizi, "Ankara ipi imefika siku yake leo?" Inauliza, "Nikiiacha hii hadi malipo yanayofuata, je, itakuwa imechelewa, au itakuwa imepoteza punguzo?" Jibu likiwa ndiyo, inailipa leo. Likiwa hapana, inaiacha.

Ili aone kwa macho, natengeneza mapendekezo mawili, yaani orodha za ankara ambazo programu inataka kuzilipa. La kwanza naliandikia tarehe 12, kama vile sikukuu haipo. Jumla inakuja 9,240,000. Nalifuta, natengeneza jingine lenye tarehe 13, Ijumaa, siku ambayo kweli tutalipa. Kwa makadirio yangu inapaswa kuwa 14,610,000, lakini inatokea 13,470,000. Siku moja ya kalenda imeongeza zaidi ya milioni 4, na bado kuna kitu kimepungua.

Saa nne

Kilichopungua ni ankara ya maboksi. Maboksi 20,000 kwa shilingi 50, yaani milioni moja, na VAT 160,000. Ankara ni ya tarehe 2 Disemba. Tukilipa ndani ya siku 10 tunapata punguzo la asilimia 2, ambalo tumekubaliana lihesabiwe kwenye bei kabla ya VAT. La sivyo tunalipa nzima baada ya siku 30. Punguzo linaisha tarehe 12, siku yenyewe ya sikukuu. Nilipoandika 12, programu iliona bado kuna muda ikaiacha. Nilipoandika 13 iliitaka, ila haikuweza, ikaiweka kwenye orodha ya zilizokwama, ikiwa na zuio la `R`.

Zuio la `R` huwekwa na mfumo wenyewe wakati ankara haifanani na oda au na mzigo uliopokelewa. Nafungua upande wa mapokezi: yameandikwa maboksi 19,400. Yamepungua 600.

Nateremka stoo.

"Mzee, shikamoo. Maboksi ya Jumatatu yalikuja yote?"

"Marahaba, mwanangu. Yalikuja kwa pikapu mbili. Ya pili ilifika jioni."

Anavuta droo na kutoa hati ya mzigo ya pili, imekunjwa mara mbili, ina sahihi yake na muhuri, maboksi 600. Haikuwa imeingizwa kwenye kompyuta. Anaiingiza nikiwa nimesimama hapo, na nikirudi juu mwenzangu wa ununuzi anaiachilia ankara kupitia `MRBR`.

Sasa angalia mpangilio. Pendekezo lililokwisha kutengenezwa halitajua kwamba zuio limeondoka, na zuio la aina hii kwetu haliruhusiwi kuguswa ndani ya pendekezo. Lazima nilifute na kulitengeneza upya. Nikilifuta, kila rekebisho nililofanya ndani yake linapotea pia, kwa sababu marekebisho ya pendekezo hukaa kwenye pendekezo tu, hayagusi ankara yenyewe. Ndiyo maana namfundisha kijana: zilizokwama kwanza, kuchagua nani asubiri baadaye.

Pendekezo la tatu: 14,610,000, punguzo limekatwa na maboksi yamo kwa 1,140,000.

Saa tano na nusu

Nikilipa zote hizo, baada ya vibarua na kodi ya tarehe 9 tutakuwa chini ya sifuri kwa 6,610,000. Mwisho wetu ni milioni 5. Maana yake PAYE itarudishwa na benki.

Ukitoa maboksi, kilichoingia kwa sababu ya ile siku moja ni ankara mbili: ya msafirishaji, 2,900,000, na ya mchapaji wa lebo, 1,330,000. Zote mbili hazina punguzo, na siku yao ya kulipwa ni tarehe 12. Kwa programu hizi na maboksi ni kitu kimoja, zote zitachelewa Ijumaa. Kwangu si kitu kimoja. Punguzo likipita halirudi. Hawa wawili hata wangetaka pesa tarehe 12 wasingezipata, benki zimefungwa. Ijumaa ndiyo siku yao ya kwanza ya kazi.

Lakini siamui hivyo kimya kimya. Napiga simu.

"Mzee, ankara yako inaangukia Jamhuri Dei. Tutakulipa Ijumaa asubuhi. Itakuumiza?"

"Ijumaa asubuhi, binti yangu, si Ijumaa jioni. Nina dizeli ya kulipa."

Naandika "asubuhi" kwenye daftari. Mchapaji naye anakubali. Ndani ya pendekezo naziwekea hizo mbili zuio. Jumla inabaki 10,380,000, na Jumatatu tutakuwa tumeingia kwenye ovadrafti 2,380,000.

Kijana anauliza kwa nini tusiweke siku moja ya uvumilivu kwenye `FBZP` mambo yakajimaliza yenyewe. Swali zuri. Siku hizo za uvumilivu programu huziongeza kwenye tarehe ya mwisho na kwenye tarehe ya punguzo vilevile. Ingesubiri mpaka tarehe 13, ikakata punguzo ambalo muuzaji hakutoa, nasi tungebaki na ubishi wa shilingi 20,000.

Saa saba

Madam, mkuu wetu wa fedha, anapitia orodha kabla ya kuidhinisha. Anauliza swali ambalo huliuliza kila mara: "Hili punguzo, likilipwa kwa pesa ya ovadrafti, linabaki na kitu?"

Nimeshapiga hesabu. Bila punguzo ankara ya maboksi ingefika siku yake tarehe 1 Januari, siku 27 kutoka leo.

```
1,140,000 x 17% x 27/365 = 14,336
```

Riba ni 14,336, punguzo ni 20,000, zinabaki 5,664. Kama tungeweza kulipa siku ya kumi yenyewe, riba ingekuwa ya siku 20, kama 10,600. Sikukuu imetula shilingi 3,700 hivi, lakini bado inalipa.

Kuna ankara nyingine ya tarehe ile ile, ya vipuri, 600,000 na VAT 96,000, yenye punguzo la asilimia 1 ndani ya siku 10 au nzima baada ya siku 30. Punguzo ni 6,000. Riba ya 690,000 kwa siku 27 ni 8,677. Hiyo tunaiacha. Mfumo nao umeiacha, kwa sababu tumeandika kwamba punguzo la chini ya asilimia 1.5 lisifuatwe. Ila hapo kuna kasoro nisiyoipenda: kipimo hicho hutazama asilimia peke yake, siku hakizioni. Asilimia 1 kwa kulipa siku tano mapema ni pesa nzuri, na mfumo ungeipita. Ankara za namna hiyo lazima mtu azitafute kwa mkono.

Saa nane

Madam ameidhinisha. Naendesha malipo yenyewe, vitabu vinajiandika, faili inatoka. Maboksi yanakwenda kwa RTGS, kwa kuwa yamezidi milioni moja, na benki yetu hupokea maagizo ya RTGS hadi saa tisa. Yaliyo madogo yanakwenda kwa EFT. Kabla ya kupakia nalinganisha mara ya mwisho jumla ya faili na jumla ya orodha, 10,380,000, kisha nashuka na kidole kwenye safu ya punguzo. Mstari wa maboksi: 20,000. Saa nane na dakika arobaini benki imethibitisha.

Saa kumi na moja jioni

Habari imeingia: Benki Kuu imeshusha riba yake ya msingi kutoka asilimia 12 hadi 11.25. Madam anasimama mlangoni na mkoba begani.

"Sasa zile za asilimia 1 zitaanza kutufaa?"

Narudi kwenye karatasi ya vipuri. Kwa siku 27 ile ankara ingelipa tu kama ovadrafti yetu ingekuwa chini ya asilimia 11.75. Hata benki yetu ikitushushia yote, tutafika 16.25.

"Bado, Madam."

"Basi waandikie benki kesho tujue watashusha lini."

Naandika kwenye daftari, chini ya ile ya msafirishaji: Ijumaa 13, asubuhi, 2,900,000.