Mtoto hawezi hesabu: nilivyotenganisha diskalkulia, hofu na kufundishwa vibaya

Mi ni mwalimu wa elimu maalum, nilisoma Patandi pale Tengeru, sasa hivi nafundisha shule ya msingi hapa Moshi. Walimu wenzangu wananiuliza sana kuhusu binti mmoja wa darasa la tatu, nilijuaje kama ni diskalkulia na sio kwamba anaogopa hesabu au hakufundishwa vizuri, maana kwenye daftari hivi vitu vitatu vinafanana kabisa, ni alama nyekundu za kukosa tu.

Diskalkulia ni pale mtoto anaposhindwa kushika idadi yenyewe, yaani uwingi wa vitu na maana ya namba, wakati mengine anayaweza. Huyu binti kitabu cha hadithi anasoma bila kukwama, anasimulia vizuri tu, lakini 9 + 4 anahesabu vidole kuanzia moja. Mama yake anauza viazi Mbuyuni, akaniambia, "Mwalimu, huyu nikimwacha kwenye meza chenji ya mia tatu haijui, ila majina ya wateja wenye madeni anayo yote kichwani." Hiyo ilinishtua, maana kumbukumbu ya majina haina shida.

Nilianza na darasa lake kabla yake yeye. Mwalimu wao wa hesabu alikuwa amehama katikati ya mwaka na mada ya makumi na mamoja ikapitishwa haraka haraka, kwahiyo nikawapa watoto wote maswali mafupi yaleyale. Kwenye 52 − 17 zaidi ya nusu ya darasa waliandika 45, wametoa namba ndogo kwenye kubwa kila safu, 7 toa 2, 5 toa 1, basi. Na yeye aliandika 45. Sasa kosa hilo halinambii chochote kuhusu yeye, ni kosa la darasa zima, nikaliweka pembeni. Nilichokuwa natafuta ni pale anapokosa peke yake. Na pakaonekana: kati ya 38 na 83 ipi kubwa, kuhesabu kurudi nyuma kuanzia 23, 5 + 2. Wenzake hayo hawana shida nayo, yeye anayumba. Mtoto aliyefundishwa vibaya mapengo yake yanafuata silabasi, ile mada iliyorukwa ndo hana, ila vitu vya darasa la kwanza anavyo. Huyu pengo lake lilianzia chini kabisa.

Macho na masikio mama alimpeleka hospitali ya KCMC yakapimwa, yako sawa. Usiruke hili, mtoto asiyeona ubao vizuri atakupotezea muhula mzima.

Halafu hofu. Hofu alikuwa nayo kweli, siku ya hesabu tumbo linauma asubuhi, viganja vinatoka jasho, na huko nyuma alishachapwa kwa kutojua tebo. Hapa ndo wengi wanapoishia, wanaona hofu wanasema basi, mtoto anaogopa, atazoea. Kweli hofu inakula ile nafasi ya kichwani anayotumia mtoto kushikilia namba wakati anakokotoa, kwahiyo hata anayejua anapoteza. Lakini hofu ina namna ya kupimwa: maswali ya ugumu uleule unampa kwa njia mbili, mara moja ubaoni wenzake wanamwangalia na muda unahesabiwa, mara nyingine mmekaa chini ya mti, hakuna saa, hakuna maksi, kuna vizibo vya soda kama anavitaka. Kuna kijana darasa hilohilo, ubaoni alipata sifuri, chini ya mti akajibu karibu yote, tena kwa kichwa bila kugusa vizibo. Yule ni hofu, na dawa yake ni nyingine. Huyu binti chini ya mti alitulia, akacheka, akanipigia stori za dada zake, jasho hakuna, lakini makosa yakabaki yaleyale na kuhesabu kuanzia moja kulekule. Hofu ilitoka, tatizo likabaki. Ndo nikaelewa kwamba hofu yake ni ya kweli ila imezaliwa na kushindwa, sio kwamba kushindwa kumezaliwa na hofu.

Baada ya hapo nikaenda kwenye idadi yenyewe. Nilichora kadi zenye nukta moja mpaka tisa, zimetawanyika ovyo, namfunulia moja moja anataja ngapi. Nilikuwa nataka muda wa kila jibu lakini ukishika saa mbele ya mtoto kama huyu umeharibu kila kitu, kwahiyo nikawasha simu irekodi sauti, kila kadi naigonga mezani ninapoifunua, usiku nasikiliza na kupima kutoka mlio wa kadi kugonga meza hadi jibu. Kawaida nukta tatu mtoto anaziona tu papo hapo bila kuhesabu, mpaka tatu au nne muda ni karibu uleule, baada ya hapo ndo unapanda. Kwake muda ulianza kupanda kwenye mbili, na nukta tatu nilimwona anatikisa kidevu moja, mbili, tatu. Nikamchorea pia mstari, mwanzo 0 mwisho 100, aweke 25 iko wapi. Akaiweka karibu na mia. Wiki iliyofuata 25 ileile akaiweka katikati, na 60 akaiweka jirani na 6. Kadi peke yake nisingeiamini, hata mtoto aliyechoka anaweza kuikosea, lakini zote zikisema kitu kimoja, tena akiwa ametulia, hapo kuna kitu.

Bado sikuandika chochote, maana swali la ufundishaji halifungwi mpaka umfundishe mwenyewe. Nikachukua kikundi kidogo, yeye na wenzake walioandika 45, tukafunga vijiti kumi kumi kwa raba. Wale wengine ndani ya wiki chache walikuwa wanafungua fungu moja, wanapata 35, wamemaliza. Yeye akiwa na vijiti mkononi anaweza, Jumatatu tunaanza upya, na kila nikimpa fungu alikuwa analifungua kuhesabu kama bado ni kumi. Nikaendelea naye peke yake kupita miezi 6, kwa sababu DSM-5, ule mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, unataka shida iwe imedumu angalau muda huo wakati mtoto anasaidiwa kwa njia inayolenga shida yenyewe. Ukisema diskalkulia mwezi wa kwanza unabahatisha.

Mi sikutumia testi yenye viwango vya watoto wetu, kipimo changu kilikuwa wenzake wa darasa lilelile, kwahiyo ripoti niliandika "dalili kubwa za diskalkulia, pamoja na hofu ya hesabu iliyofuata baadaye", sikuandika kwamba anayo. Kuthibitisha ni kazi ya mwanasaikolojia, kwa sababu lazima aangalie pia umakini na uwezo wa jumla wa mtoto, na rekodi zangu zote nimempa mama aende nazo. Wakati anasubiri tumekubaliana na mwalimu wa darasa kwamba hatasimamishwa kukariri tebo mbele ya wenzake, anakaa na mstari wa namba umegundishwa juu ya dawati, na kwenye mtihani wa darasani anaongezewa muda. Nyumbani mama anamfanyisha mauzo ya kitu kimoja tu cha bei moja, kwa noti na sarafu halisi, mpaka kizoeleke ndo waongeze cha pili.